Barua ya wazi kwa Jaji Mkuu wa Kenya: gharama za kesi na haki ya kushtaki kwa niaba ya umma

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu na Rais wa Mahakama ya Juu ya Kenya,

Mheshimiwa,

Nakuandikia nikiwa msaidizi wa kisheria katika eneo la Pwani. Kazi yangu ni kukaa na wanakijiji, kuzisoma nao barua walizoletewa na ofisi mbalimbali, na kuwaeleza wanachoweza kukidai chini ya Katiba kabla ya kumfikia wakili. Ombi langu ni kwamba utumie mamlaka uliyopewa na Kifungu cha 22(3) cha Katiba kuirekebisha kanuni moja ndani ya Kanuni za mwaka 2013 za kulinda haki na uhuru wa kimsingi, zile ambazo wengi wetu tunaziita Kanuni za Mutunga. Ni Kanuni ya 26, inayohusu gharama za kesi. Nitaeleza kwa nini naamini kuwa kanuni hiyo, jinsi ilivyoandikwa sasa, inapunguza kimyakimya haki ambayo Katiba iliitoa kwa uwazi mkubwa.

Haki yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1989, Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuzuia ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park. Kesi yake dhidi ya kampuni ya Kenya Times Media Trust haikufika mahali pa kujadili kama bustani ya umma inaweza kugawiwa kwa namna ile. Ilitupwa kwa sababu mahakama iliona hana haki ya kushtaki, kwa kuwa hakuonyesha dhara lililompata yeye kuliko mwananchi mwingine yeyote, na kwamba mwenye kusema kwa niaba ya umma alikuwa Mwanasheria Mkuu peke yake. Tafsiri hiyo ilikuwa na matokeo ya ajabu, kwa maana kadiri kosa la Serikali lilivyowagusa watu wengi zaidi ndivyo lilivyokosa mtu wa kulipeleka mahakamani, na yule mmoja aliyeruhusiwa kulipeleka alikuwa mshauri mkuu wa kisheria wa Serikali hiyohiyo.

Mwaka huohuo, katika kesi ya Maina Mbacha, ilielezwa kwamba hata mwananchi aliyeumizwa yeye mwenyewe hangeweza kukitumia kifungu cha 84 cha Katiba ya zamani, kwa sababu Jaji Mkuu wa wakati huo hakuwa ametunga kanuni za kukitekeleza. Haki zilikuwa zimeandikwa, lakini zilisimamishwa na ukosefu wa karatasi ya utaratibu.

Walioandika Katiba ya mwaka 2010 walizikumbuka kesi hizi mbili, na anayesoma maneno yao kwa makini anaona kila moja ikijibiwa. Kifungu cha 22(2) kinamruhusu mtu kufungua kesi kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, akiwa mmoja wa kundi au kwa maslahi ya kundi hilo, kwa maslahi ya umma, au kupitia chama kinachotetea wanachama wake. Kifungu cha 258 kinatoa ruhusa hiyohiyo pale ambapo Katiba yenyewe ndiyo inayovunjwa au iko hatarini kuvunjwa. Kifungu cha 70 kinasema wazi kwamba anayeshtaki kuhusu mazingira hahitaji kuonyesha kuwa mtu yeyote amepata hasara au ameumia, na hapo ndipo kesi ya Uhuru Park ilipopata jibu lake. Kifungu cha 22(4) kinasema kuwa kukosekana kwa kanuni hakuondoi haki ya kwenda mahakamani, na hapo ikajibiwa kesi ya Mbacha. Mahakama ya Rufaa ilithibitisha mwaka 2013, katika kesi ya Mumo Matemu, kuwa sheria ya nani ana haki ya kushtaki imebadilika kutoka mizizi yake.

Kwa hiyo swali la nani aruhusiwe kufungua kesi lina jibu. Linalobaki ni swali la nani anathubutu kuifungua.

Mheshimiwa, niliwahi kuketi na wavuvi wa kijiji kimoja ambao njia yao ya kwenda dikoni ilizibwa kwa ukuta. Hawakuwa na hati ya kiwanja kile, ila walikuwa na njia iliyotumiwa na babu zao na barua za ofisi mbili za umma zilizopingana kuhusu nani aliidhinisha ukuta huo. Niliwasomea Kifungu cha 22, nikawaeleza kuwa wawili au watatu kati yao wangeweza kusimama kwa niaba ya wote. Mzee mmoja alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Mwanangu, tukishindwa, mashua ya nani itapigwa mnada?" Nilimjibu kwa ukweli kwamba mara nyingi majaji huamuru kila upande ubebe gharama zake katika kesi za maslahi ya umma, lakini kwamba siwezi kumwahidi, kwa sababu uamuzi huo hutolewa mwisho wa kesi na hutegemea busara ya jaji atakayekuwapo. Walishauriana wenyewe kwa wenyewe na hawakuifungua kesi.

Siwalaumu, kwa kuwa hesabu yao ilikuwa sahihi. Kanuni ya 26 inasema kuwa gharama ziko katika hiari ya mahakama, na kwamba katika kuitumia hiari hiyo mahakama itachukua hatua zifaazo kuhakikisha kila mtu anaweza kuifikia ili haki zake ziamuliwe. Mahakama ya Juu nayo, katika uamuzi wa mwaka 2014 kati ya Jasbir Singh Rai na Tarlochan Singh Rai, ilieleza kuwa desturi ya mshindi kulipwa gharama si amri isiyovunjwa, na kwamba kesi kuwa ya maslahi ya umma ni jambo la kuzingatiwa. Haya ni maneno mema, lakini yote mawili yanamsemesha jaji siku ya hukumu. Mvuvi anaamua kabla ya kesi kuwapo, na siku hiyo hakuna kanuni inayosema naye.

Inafaa pia kueleza gharama hizo hufanyaje kazi, maana wengi wanaofurahia upana wa Kifungu cha 22 hawajawahi kuiona bili yenyewe. Mlalamishi akishindwa na kuamriwa kulipa, kila mlalamikiwa mwenye wakili wake huandaa bili yake na kuipeleka kwa naibu msajili ili ipimwe. Kesi za kikatiba kwa kawaida huwa na walalamikiwa wengi, kwa sababu mlalamishi hulazimika kuzijumuisha wizara, mamlaka ya udhibiti, serikali ya kaunti na kampuni iliyopewa kibali, la sivyo ataambiwa kuwa amemwacha mhusika wa lazima. Kwa hiyo anayeshindwa mara moja anaweza kudaiwa mara nne au tano. Bili ikishapimwa, cheti hutolewa, na mwenye cheti anaweza kuomba mali ya mlalamishi ikamatwe na kuuzwa.

Upande wa pili haupo katika hali hiyo. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Mashtaka dhidi ya Serikali kinazuia mali ya Serikali isikamatwe kutekeleza hukumu. Mwananchi akishinda dhidi ya wizara na kupewa gharama, hupata cheti ambacho hukipeleka kwa afisa mhasibu na kusubiri, na asipolipwa hulazimika kurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha afisa huyo. Katika kesi moja, basi, mashua ya mvuvi inaweza kwenda mnadani lakini gari la wizara haliwezi. Sisemi kwamba kinga ya mali ya umma haina sababu. Nasema kwamba kanuni ya gharama iliyotungwa kana kwamba pande hizi mbili zinabeba hatari sawa imetungwa juu ya jambo lisilo kweli.

Kesi ya Owino Uhuru inaonyesha uzito wa jambo hili kuliko maelezo yangu. Owino Uhuru ni mtaa wa makazi duni huko Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichafua hewa, maji na udongo kwa madini ya risasi, na sumu hiyo ikaingia katika damu za wakazi, watoto wakiwemo. Mwaka 2016 walalamishi 10 walifungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa kwa niaba ya jamii nzima, dhidi ya Mwanasheria Mkuu na wengine 7. Mwaka 2020 mahakama hiyo iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 na mazingira yasafishwe. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliiondoa tuzo ya fidia na kuamuru suala hilo lirudishwe chini likapimwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu iliirejesha tuzo ya bilioni 1.3.

Tuiangalie kesi hii kwa macho ya mmoja wa wale 10 siku moja kabla ya kutia saini hati ya kiapo. Kwanza, hangeweza kuibeba peke yake. Kuthibitisha sumu ya risasi kunahitaji vipimo vya damu, vipimo vya udongo na maji, na wataalamu wa kueleza jinsi sumu hiyo ilivyotoka kwenye bomba la moshi na kufika kwenye mwili wa mtoto, gharama ambayo ina maana pale tu ushahidi mmoja unapowafaa wote. Hii ndiyo kazi ya Kifungu cha 22(2)(b), kuliwezesha kundi kutumia ushahidi wa pamoja juu ya dhara la pamoja. Pili, walalamikiwa walikuwa wanane. Kama mambo yangeishia vibaya, bili zingeweza kuwa nane, na wa kudaiwa ni wale 10 ambao majina yao yako kwenye hati, si jamii nzima ambayo ingefaidika kama wangeshinda. Tatu, hata baada ya ushindi wa kwanza, njia ilikuwa bado ndefu, kwa maana zilipita ngazi tatu za mahakama na zaidi ya miaka 8, na katika kila ngazi suala la gharama lilikuwa wazi upya.

Jamii ile ilifika mwisho kwa sababu ilikuwa na watetezi wasiochoka, akiwemo Phyllis Omido ambaye kazi yake inajulikana duniani, na wafadhili waliowaamini. Kijiji cha wavuvi nilichokitaja hakina mtu wa namna hiyo. Katiba haikusema kuwa haki ya kushtaki kwa niaba ya umma ni ya jamii zenye mtetezi maarufu.

Najua jibu litakalotolewa, na ni jibu linalostahili kuheshimiwa. Litasema kuwa hofu ya gharama ndiyo breki pekee iliyobaki baada ya masharti ya zamani ya haki ya kushtaki kuondolewa, na kwamba tukiiondoa, mahakama zitajaa kesi za watu wanaotafuta jina. Ni kweli kwamba wapo wanaoitumia vibaya nafasi hii. Aina mbaya zaidi, kwa maoni yangu, si mwanaharakati mwenye kelele bali ni mfanyabiashara aliyekosa zabuni, ambaye humtafuta mtu mwingine asiye na uhusiano wa wazi naye ili aweke jina lake kwenye ombi la "maslahi ya umma" na kupata amri ya muda ya kusimamisha mkataba wa mshindani. Amri hiyo peke yake humfaa hata kama kesi itatupwa baadaye. Lakini mtu huyo haogopi gharama, kwani ameshazipigia hesabu kama sehemu ya biashara. Breki tunayoitetea inamshika mvuvi na kumwacha yeye apite.

Na mahakama ina njia nyingine za kumtambua. Tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya mwaka 1979, mlalamishi anatakiwa kutaja kwa usahihi wa kutosha kifungu kinachodaiwa kuvunjwa na namna kilivyovunjwa, na Mahakama ya Rufaa katika kesi ya Mumo Matemu ililithibitisha sharti hilo, huku ikitahadharisha lisigeuzwe kuwa mtego wa maneno. Ombi lililojaa orodha ya vifungu bila maelezo ya tukio hujitambulisha lenyewe. Vilevile jaji anaweza kuangalia nafuu inayoombwa, kwa sababu mtu anayedai kutetea umma lakini anaomba mkataba mmoja tu ufutwe na kampuni moja itajwe kuwa mshindi ameonyesha anamtumikia nani.

Afrika Kusini walikabili swali hilihili. Mwaka 2009, katika kesi ya Biowatch, Mahakama ya Katiba ya huko iliweka kanuni ya jumla kwamba anayeishtaki Serikali katika suala la kikatiba hatalipishwa gharama za Serikali akishindwa, na Serikali ikishindwa itamlipa yeye, isipokuwa kesi iwe ya kipuuzi au ya kuudhi. Shirika la Biowatch lilikuwa limeomba habari kuhusu mazao yaliyobadilishwa jeni, likapata sehemu kubwa ya lilichokiomba, na bado mahakama ya chini ikaliamuru kuilipa gharama kampuni ya Monsanto iliyojiunga na kesi. Mahakama ya Katiba iliifuta amri hiyo. Jambo la kujifunza kwetu ni kwamba hata kampuni binafsi inapoingia katika mgogoro huo, kiini chake kinabaki kuwa namna Serikali ilivyotimiza au kutotimiza wajibu wake wa kikatiba.

Kwa hiyo naomba Kanuni ya 26 iongezewe aya zitakazofanya mambo mawili. La kwanza liwe kwa maneno yanayokaribia haya: "Mtu aliyefungua ombi kwa nia njema chini ya Kifungu cha 22(2) au 258(2) cha Katiba kwa niaba ya kundi au kwa maslahi ya umma hataamriwa kumlipa mlalamikiwa yeyote gharama, isipokuwa mahakama iridhike, na ieleze sababu zake kwa maandishi, kwamba ombi lilikuwa la kipuuzi au la kuudhi, au lilifunguliwa ili kuendeleza maslahi binafsi yaliyofichwa." La pili limruhusu mlalamishi kuomba, ndani ya siku chache baada ya walalamikiwa kujibu, uamuzi wa awali kuhusu kama kesi yake ni ya aina hiyo, na uamuzi huo ubaki na nguvu mpaka mwisho wa kesi isipokuwa udanganyifu ugundulike. Kusikiliza ombi la namna hiyo hakuhitaji zaidi ya hati za kiapo na hoja fupi za maandishi, na ndiko kutakakompa mzee wangu jibu ambalo mimi sikuweza kumpa.

Kuna jambo moja ambalo ningependa liongezwe upande wa mlalamishi, hata kama wenzangu katika kazi hii hawatafurahi. Anayeshtaki kwa niaba ya watu wengine anaweza kuwaharibia. Sheria yetu ya Utaratibu wa Kesi za Madai, katika kifungu cha 7, inasema kuwa pale watu wanapopigania kwa nia njema haki ya umma au haki ya pamoja, wote wenye maslahi katika haki hiyo huhesabiwa kuwa wamedai kupitia wao. Mtu wa Nairobi akifungua kwa haraka kesi mbovu kuhusu diko la kijiji fulani na kushindwa, wavuvi wenyewe wanaweza kuja baadaye na ushahidi mzuri wakaambiwa kuwa suala lao limekwisha kuamuliwa. Nimeona wanakijiji wakipata habari za kesi inayowahusu kupitia redio. Sipendekezi mlalamishi adaiwe kuthibitisha kuwa ameumia, kwa sababu huko ni kurudi 1989. Napendekeza aeleze katika hati yake ya kiapo ni hatua gani amechukua kuwajulisha walioguswa, kwa lugha wanayoielewa na mahali wanapokutana, na kwamba mahakama iwe na uwezo wa kuamuru tangazo lisomwe katika baraza la eneo hilo kabla kesi haijasikilizwa. Atakayetimiza sharti hilo atakuwa ameonyesha nia njema yake kwa vitendo, na hapo kinga dhidi ya gharama itakuwa imepata msingi.

Mabadiliko haya hayahitaji Katiba irekebishwe wala mswada upelekwe Bungeni. Kifungu cha 22(3) kinakupa wewe, Mheshimiwa, wajibu wa kutunga kanuni zinazohakikisha kuwa haki ya kushtaki inawezeshwa kikamilifu. Kinachohitajika ni rasimu, ushirikishwaji wa umma, tangazo katika Gazeti Rasmi, kisha kanuni ziwekwe mbele ya Bunge kama Sheria ya Hati za Kisheria inavyotaka. Naomba vikao vya kupokea maoni visifanyike Nairobi na kwenye mtandao peke yake. Vifanyike pia Mombasa, Lamu, Garissa, Lodwar na Kisumu, na rasimu ipatikane kwa Kiswahili, ili watu wanaotarajiwa kuitumia waisome kabla haijawa sheria.

Niko tayari kufika mbele ya kamati yoyote utakayoiteua, pamoja na wale wavuvi watakaokubali kuja, ili waeleze wenyewe walivyoupiga hesabu uamuzi wao.

Wako katika utumishi wa haki,

Msaidizi wa kisheria, Pwani ya Kenya

Nakala: Mwanasheria Mkuu, Chama cha Wanasheria nchini Kenya